Ukurasa wa Kusoma Siku Soko Linapoporomoka

Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2020 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Siku hiyohiyo Soko la Hisa la Nairobi lilisimamisha biashara kabla ya saa zake, kwa sababu fahirisi ya NSE 20 ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 5. Mwenye hisa alibaki na maswali mawili: Jumatatu niuze, au ninunue zaidi? Yote mawili ni maswali ya halali. Ubaya ni kwamba alilazimika kuyajibu katika wiki ambayo shule zilikuwa zinafungwa, kazi zinayumba, na kila kundi la WhatsApp lina mtaalamu wake.

Waraka wa sera ya uwekezaji ni majibu ya maswali hayo, yakiwa yameandikwa siku ambayo hakuna anayekimbia. Mifuko ya pensheni ya Kenya haina hiari katika jambo hili. Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997 na kanuni zake zinaidai kila skimu iwe na sera ya uwekezaji kwa maandishi, na iipitie upya angalau kila baada ya miaka mitatu. Mwanachama wa skimu, yule ambaye pesa zake zinalindwa na waraka huo, akirudi nyumbani huendesha hisa zake binafsi kwa kukumbuka tu na kwa kuulizia.

Waraka wa mtu binafsi hauhitaji kurasa arobaini. Ukurasa mmoja au mbili zinatosha, mradi kila sharti lina namba, au tarehe, au vyote viwili. "Nitawekeza kwa muda mrefu na kwa busara" si sharti. "Sitauza hisa kwa sababu ya bei kushuka" linakaribia. "Nitatazama mgawanyo wa mali yangu Jumamosi ya kwanza ya Januari na ya Julai, na si siku nyingine" ni sharti, kwa kuwa mtu mwingine akiusoma waraka anaweza kusema kama umelitimiza au umelivunja.

Tumchukue mwalimu wa sekondari wa Nakuru, wa kubuni tu, lakini mwenye hesabu za kawaida. Anatumia shilingi 60,000 kwa mwezi. Ana shilingi 180,000 za dharura, na mstari wa kwanza wa waraka wake unazitoa kabisa kwenye mchezo: "Pesa za miezi mitatu ya matumizi si uwekezaji. Hazinunui hisa hata bei ikiwa nusu." Mstari wa pili unasema kwamba karo ya chuo ya mtoto wake, itakayohitajika baada ya miaka mitatu, nayo haikai kwenye hisa. Chochote kitakachotumika ndani ya miaka mitano kinakaa mahali pengine.

Baada ya kuyatenga hayo, mwalimu ana shilingi milioni moja anazoziita uwekezaji, na anaongeza 15,000 kila mwezi. Ameamua nusu iwe hisa za kampuni zilizo kwenye soko la Nairobi, asilimia 40 hatifungani za serikali, na asilimia 10 mfuko wa soko la fedha, ule ambao pesa hutoka kwa siku chache na kuingia benki au M-Pesa. Kwa shilingi, hiyo ni 500,000 za hisa, 400,000 za hatifungani na 100,000 za mfuko. Mgawanyo huu si mtakatifu. Benjamin Graham, katika kitabu chake The Intelligent Investor cha mwaka 1949, alimshauri mwekezaji wa kawaida asishushe hisa chini ya robo wala asizipandishe juu ya robo tatu. Nusu kwa nusu ilikuwa kati ya hapo, na watu wengi wanaanzia hapo kwa sababu ileile iliyomfanya mwalimu aanzie hapo: hakuwa na sababu nzuri ya kwenda upande wowote.

Sharti la kununua ndilo fupi kuliko yote, na ndilo linalovunjwa kwa furaha kubwa. La mwalimu linasema: "Nanunua tarehe 5 ya kila mwezi, kutoka kwenye mshahara. Hakuna kampuni moja itakayopewa zaidi ya asilimia 15 ya uwekezaji wangu. Sinunui hisa kwa mkopo."

Sentensi hiyo ya mwisho ina historia yake. Mwaka 2008 serikali ilipouza hisa za Safaricom kwa umma kwa shilingi 5, watu walipiga foleni, na wengi walikopa benki ili waombe nyingi. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa, hivyo mwombaji mdogo akapewa karibu moja ya tano tu ya alizoomba. Pesa nyingine zilirudishwa, lakini riba ya mkopo ilikuwa imehesabiwa kwa zote. Hisa zilipoanza kuuzwa Juni mwaka huo zilipanda kwanza, na kabla ya mwaka kwisha zilikuwa chini ya shilingi 5. Aliyenunua kwa akiba yake alikuwa na nafasi ya kungoja, na aliyengoja miaka kumi na zaidi alilipwa vizuri. Aliyekopa hakuwa na nafasi hiyo, kwa sababu benki haingoji. Kampuni ilikuwa moja na bei moja, ila mkopo ndio ulioamua nani angeweza kungoja.

Kikomo cha asilimia 15 nacho si cha mapambo. Katika nusu ya pili ya mwaka 2021 hisa ya Safaricom ilikaribia shilingi 45. Mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Mwenye milioni moja yote humo alibaki na kama laki tatu na ushee. Mwenye kikomo alikuwa na 150,000 humo, akabaki na kama 50,000, na uwekezaji wake mzima ukapungua kwa sehemu moja ya kumi. Inauma, lakini hailazi mtu macho. Na hiyo ni kampuni imara, yenye faida na inayotoa gawio. Mwaka 2025 bei yake ilikuwa imepita 25 tena. Nairobi ina tabia hii: kampuni chache kubwa zimebeba sehemu kubwa ya thamani ya soko, hivyo mtu anayenunua "soko" bila kutazama anaweza kujikuta amenunua kampuni moja na benki tatu.

Sasa kurudisha uwiano, sehemu ambayo vitabu vya ng'ambo huieleza kwa mstari mmoja: ukiona kilichopanda kimezidi, uza, nunua kilichoshuka. Kwetu kuna gharama. Muamala mdogo wa hisa kupitia dalali hugharimu hadi karibu asilimia 2 ukijumlisha kamisheni na tozo za soko, wakati wa kununua na tena wakati wa kuuza. Pesa za mauzo huingia siku ya tatu ya kazi. Hatifungani ya kawaida inaanzia shilingi 50,000, siku hizi unaweza kuiomba kwa simu kupitia DhowCSD ya Benki Kuu, lakini kuiuza kabla haijaiva ni kazi nyingine, maana utapewa bei ya siku hiyo, na riba za hatifungani mpya zikiwa zimepanda, ya kwako ya zamani inauzwa kwa hasara. Kwa hiyo mtu anayesawazisha kila mwezi Nairobi anamfanyia dalali kazi.

Waraka wa mwalimu unaliweka jambo hili kwa mpangilio wa hatua. Hisa zikiwa kati ya asilimia 40 na 60 ya jumla, hafanyi kitu. Zikitoka nje ya mipaka hiyo siku ya kutazama, anaelekeza kwanza pesa mpya upande uliopungua. Zisipotosha, anaelekeza gawio na riba. Kuuza ni hatua ya tatu, na anapouza harudi hadi nusu kamili. Anarudi hadi asilimia 55 tu.

Tuseme ni Julai, na soko limekuwa na miaka miwili mizuri. Hisa zake zimefika 850,000. Hatifungani ni zilezile 400,000. Mfuko umejaa hadi 150,000 kwa sababu riba imekuwa ikiingia humo. Jumla ni 1,400,000, na hisa ni asilimia 60 na nukta. Amevuka. Kwa miezi sita hela yake ya mshahara haigusi hisa. Januari akikuta bado amevuka, anauza. Kwa hesabu hizi, asilimia 55 ya 1,400,000 ni 770,000, hivyo anauza hisa za 80,000, anaacha kama 1,600 kwa dalali na tozo, na kiasi kilichobaki kinaingia kwenye mfuko kikingoja mnada wa hatifungani. Kurudi hadi nusu kamili kungemtaka auze za 150,000 na alipe karibu mara mbili. Faida ya kuuza hisa zilizosajiliwa Nairobi haitozwi kodi ya ongezeko la mtaji, kwa hiyo kwa Mkenya kizuizi ni hizo gharama za dalali, na moyo.

Moyo ndio mgumu zaidi. Januari hiyo mwalimu anatakiwa auze kitu kilichompa raha miaka miwili, wakati dalali anamwambia, "Mwalimu, hii bado inapanda, mbona haraka?" Huenda dalali ana haki, na hisa zikapanda tena baada ya kuuzwa. Sharti halidai kujua kilele. Linachojua ni kwamba mtu aliyesema anaweza kuvumilia nusu ya mali yake ikiyumba sasa ana zaidi ya asilimia 60 inayoyumba, na hakuamua hivyo, bei ndizo zilizoamua.

Tugeuze. Turudi kwenye milioni moja ya mwanzo na tuseme soko limeporomoka, hisa zimepoteza asilimia 45. Sasa ni 275,000. Hatifungani 400,000, mfuko 100,000, jumla 775,000. Hisa zimekuwa asilimia 35 na nusu, chini ya mpaka. Hapa waraka wa mwalimu una ibara peke yake, na ameiandika kwa herufi kubwa kuliko nyingine:

"Soko likishuka kwa asilimia 30 au zaidi kutoka kilele cha miezi kumi na miwili, sitauza chochote kwa siku thelathini. Nitahakikisha kwanza mshahara wangu na wa mume wangu uko salama, na pesa za dharura ziko kamili. Kama ndiyo, mchango wote wa kila mwezi, riba yote na kiasi cha mfuko kilichozidi asilimia 10 vitanunua hisa, kwa mafungu, tarehe 5, hadi zirudi ndani ya mipaka. Sitauza hatifungani ili kununua hisa. Sitagusa dharura. Sitakopa."

Tuifuate kwa hesabu. Asilimia 10 ya 775,000 ni 77,500, kwa hiyo kwenye mfuko kuna ziada ya 22,500. Michango ya miezi miwili ni 30,000. Hatifungani zake, tuseme ni za miaka 15 zinazolipa asilimia 13, humpa 26,000 kila nusu mwaka, na baada ya kodi ya zuio ya asilimia 10 zinabaki 23,400. Kwa jumla ana 75,900 za kununulia bila kuuza kitu. Bei zikibaki pale chini, hisa zinafika karibu 351,000 katika jumla ya 828,000, yaani asilimia 42. Amerudi ndani ya mipaka, na kilichomfikisha ni mshahara, riba na ziada ya mfuko tu, bila ushujaa wowote. Wanaoandika "nitanunua kwa nguvu soko likianguka" bila kuandika pesa zitatoka wapi hugundua siku hiyo kwamba hazipo.

Ile amri ya kutazama mshahara kwanza ndiyo ningependa kila mtu aikope. Soko huanguka mara nyingi katika miezi ileile ambayo waajiri wanapunguza watu. Mfanyakazi wa hoteli ya Mombasa mwezi Machi 2020 hakuwa na kazi ya kununua hisa za bei rahisi. Kazi yake ilikuwa kulinda pesa za chakula. Sharti linalomwamuru anunue bila kuuliza kama ana mshahara ni sharti baya hata kama limeandikwa vizuri.

Na sasa jambo ambalo vitabu vya Marekani hayakuandikiwa. Vinamwambia msomaji anunue soko linapoanguka kwa sababu soko lao, likipewa muda, limekuwa likirudi na kupita kilele cha zamani. Tazama NSE 20. Januari 2007 ilipita 6,000. Machi 2009 ilikuwa chini ya 2,500. Mwisho wa 2010 ilikuwa imerudi hadi kama 4,400, na aliyenunua kwenye shimo la 2009 alicheka. Lakini mwisho wa 2020 ilikuwa chini ya 1,900, yaani chini hata ya shimo lile. Fahirisi hiyo haihesabu gawio, na muundo wake una kasoro zake, kwa hiyo hali halisi ya mwenye hisa nzuri ilikuwa afadhali kuliko namba zinavyoonyesha. Hata hivyo, anayeandika ibara ya mporomoko kwa soko letu aandike akijua kwamba kurudi kunaweza kuchukua miaka mingi. Ndiyo maana mpaka wa juu wa mwalimu unafanya kazi hata wakati wa kununua. Ibara inamrudisha ndani ya asilimia 40 na kumwachia hapo, haimruhusu ageuze mali yote kuwa hisa kwa imani kwamba zilizoshuka lazima zipande.

Kuna tofauti moja zaidi isiyofaa kuachwa nje ya waraka: soko kushuka si sawa na kampuni kushuka. Soko zima likianguka, sababu huwa ya wote, kama korona au uchaguzi wenye fujo. Kampuni moja ikianguka wakati nyingine zimesimama, mara nyingi kuna kitu ndani yake. Mumias Sugar iliwahi kuwa hisa ya fahari. Watu waliendelea kuongeza ilipokuwa ikishuka, kwa kuwa kila bei mpya ilionekana rahisi kuliko ya jana, hadi ikawa inauzwa kwa senti, mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu, na hisa zake zikasimamishwa sokoni. Kenya Airways ilisimamishwa Julai 2020 na biashara ya hisa zake ikarudi Januari 2025. Kwa miaka minne na nusu mwenye hisa hizo hakuweza kuuza kwa bei yoyote.

Kwa hiyo ibara ya kuuza ya mwalimu haitaji bei hata mahali pamoja. Anauza hisa za kampuni kama imeshindwa kutoa matokeo ya mwaka kwa wakati uliowekwa, au kama mkaguzi wa hesabu ameandika kwamba ana shaka na uwezo wa kampuni kuendelea, au kama imepata hasara miaka miwili mfululizo na kukopa zaidi. Alama hizi ziko kwenye ripoti ya mwaka, sehemu ya mkaguzi, kurasa ambazo wengi huzipita wakitafuta gawio. Bei huwa imeshaanza kushuka wakati zinapoonekana, na mwenye hisa huona uchungu kuuza kwa hasara. Ibara inasema auze wiki hiyo, asingoje "irudi kidogo". Njia nyingine mbili za kuuza ni kuvuka mpaka wa asilimia 60, na lengo lililoandikwa kufika tarehe yake. Zaidi ya hapo hauzi.

Je, akitaka kuvunja? Atataka. Februari 2024 hatifungani ya miundombinu ya serikali ya miaka minane na nusu ilitolewa ikilipa zaidi ya asilimia 18 bila kodi, na watu waliomiminika kuiomba walitaka kuiuzia serikali pesa mara kadhaa ya ilizotafuta. Mwenye hisa zilizolala angelaumiwa kweli kwa kutaka kuuza zote na kukimbilia huko? Waraka wa mwalimu haumkatazi, unamchelewesha. Unasema: "Nikitaka kufanya jambo lisilo humu, naandika sababu kwa mkono, mume wangu anasoma na kutia sahihi, kisha nangoja siku kumi na nne. Waraka wenyewe nitaubadilisha Januari tu, na si wakati hisa ziko chini ya kilele kwa asilimia 20 au zaidi." Mnada ule ungempita kwa kungoja huko, hilo ni gharama halisi, na mtu anayeandika sheria akubali kwamba mara moja moja zitamnyima kitu kizuri. Lakini angeweza kuishiriki kwa pesa za mfuko na za mshahara bila kuvunja chochote, na hiyo ingetosha.

Kuna watu ambao waraka huu hauwafai. Aliye na mkopo wa simu au wa kadi alipe kwanza, maana hakuna hisa inayoshinda riba hizo kwa uhakika. Anayefanya biashara ya kununua na kuuza kila wiki anahitaji masharti ya aina nyingine kabisa. Na chama cha marafiki kumi kinahitaji ibara za kura na za kujitoa, ambazo mtu mmoja hana haja nazo.

Ukurasa wa pili wa waraka wa mwalimu una jedwali moja tu. Limeandikwa namba ya akaunti yake ya CDS, jina la dalali, akaunti ya DhowCSD, mfuko wa soko la fedha na namba ya mwanachama, bila nywila hata moja. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 kuhusu mali za kifedha zisizodaiwa inapeleka gawio na hisa zilizokaa miaka bila mwenyewe kujitokeza kwa mamlaka maalum, ambako warithi wanapaswa kuzifuatilia kwa hati za mahakama. Mume wa mwalimu anajua jedwali hilo liko kwenye faili lipi. Kila Januari, kabla ya kupiga hesabu yoyote ya asilimia, wanalisoma pamoja na kusahihisha namba za simu.